Kikomo cha Mkondo na Uchaguzi wa Njia ya Kuwasha Mota Kubwa ya Pampu: Nyota-Delta, Stata Laini au Kidhibiti Mwendo

Ikisiri

Shirika la umeme linapomwekea mteja kikomo cha mkondo wa kuwashia mota, mara nyingi uchaguzi wa stata hufanywa kwa kutazama tarakimu moja tu: ampea zinazovutwa mota ikiwa imesimama. Makala haya yanaonyesha kwamba tarakimu hiyo haitoshi. Uwashaji mmoja una vipindi vitatu vya mkondo, na kila kimoja kinaweza kuvuka kikomo kwa sababu yake. Kwa kutumia mfano wa kukokotoa wa mota ya kilowati 132 inayoendesha pampu ya umwagiliaji, makala yanalinganisha stata ya nyota-delta, stata laini na kidhibiti mwendo. Hoja kuu ni kwamba swali la kwanza si "stata ipi ina mkondo mdogo?" bali "mota itafika kasi gani kabla haijapewa umeme wote, na vali ya pampu itakuwa katika hali gani wakati huo?" Makala pia yanapendekeza istilahi tatu za kuvitofautisha vipindi hivyo katika maelezo ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mota ya kawaida ya viwandani ikiunganishwa moja kwa moja na umeme huvuta, katika nukta ya kwanza, mkondo ulio mara sita hadi nane ya mkondo wake wa kazi. Sababu ni kwamba rota imesimama ilhali uga wa sumaku unaoizunguka umeshaanza kwenda kwa kasi kamili. Tofauti hiyo ya mwendo huzalisha mkondo mkubwa ndani ya rota, nao huvuta mkondo mkubwa kutoka kwenye waya za umeme. Kadiri rota inavyoufuata uga, tofauti hupungua na mkondo hushuka. Hata hivyo, haushuki sawasawa na kasi. Rota inapofika asilimia 80 ya kasi kamili, mota nyingi bado huvuta zaidi ya mara tano ya mkondo wa kazi, na mteremko mkali huja katika asilimia chache za mwisho.

Mkondo huo unapopita katika transfoma, volti hushuka kwa kila aliyeunganishwa nayo. Taa hufifia, kontakta za majirani huachia na mashine zao husimama. Ndiyo maana shirika la umeme huweka kikomo.

Katika lugha ya karakana, jambo hili lote huitwa "mkondo wa kuanzia". Jina hilo ni zuri, lakini lina udhaifu: linamfanya msikilizaji afikirie mwanzo tu. Anayesikia "kuanzia" hupima ampea za nukta ya kwanza, akaridhika. Kikomo cha shirika hakijui mwanzo wala katikati. Kinahusu ampea yoyote inayovuka tangu swichi inapofungwa hadi mota inapotulia. Pengo hili kati ya jina na jambo ndilo chanzo cha makosa mengi yanayojadiliwa hapa.

2.0 Vipindi vitatu vya mkondo

Kwa sababu hiyo, makala haya yanatenga istilahi tatu. *Mkondo wa kuanzia* ni ule unaovutwa rota ikiwa imesimama. *Mkondo wa kupandia* ni ule unaovutwa wakati rota inaongeza kasi chini ya mzigo. *Mkondo wa kubadilishia* ni ule unaozuka stata inapoiondoa mota katika hali moja na kuiingiza katika hali nyingine.

Kipindi cha pili hutegemea pampu. Pampu ya impela hudai nguvu ya kuzungusha inayokua kwa mraba wa kasi: kwenye nusu ya kasi hudai robo ya nguvu yake kamili, na kwenye asilimia 90 ya kasi hudai asilimia 81. Hivyo kuianzisha pampu ni rahisi, lakini kuimalizia kasi yake ni kazi. Aidha, pampu za impela ambazo maji hutoka kwa kusukumwa kuelekea ukingoni hudai takribani nusu tu ya nguvu hiyo endapo vali ya kutolea maji imefungwa. Tofauti ya vali wazi na vali iliyofungwa ndiyo itakayoamua mfano wa sehemu ya nne. Ikumbukwe kwamba kanuni hii ya nusu haizihusu pampu za mtindo wa feni, ambazo hudai nguvu kubwa zaidi vali ikifungwa na hazipaswi kuwashwa hivyo.

3.0 Kila njia hulipia nini

3.1 Stata ya nyota-delta

Njia hii, ambayo mafundi huiita sta-delta, hutumia kontakta tatu na saa ya kubadilishia. Kwanza koili za mota huunganishwa kwa umbo la nyota, ili kila koili ipate asilimia 58 ya volti za njia. Baadaye huunganishwa kwa umbo la delta na kupata volti zote. Sharti lake ni kwamba mota iwe imesukwa kufanya kazi katika delta kwa volti za mahali hapo. Kwa umeme wa volti 400, bati la maelezo la mota liandikwe 400/690. Mota iliyoandikwa 230/400 haifai, kwa kuwa delta yake ingeunguza koili.

Katika nyota, mkondo unaovutwa kutoka kwenye njia ni theluthi moja ya ule wa delta, na nguvu ya kuzungusha nayo ni theluthi moja. Hili ni badilishano zuri: mkondo na nguvu hupungua kwa kiasi kilekile.

Gharama yake hujitokeza wakati wa kubadilisha. Ikiwa theluthi ya nguvu haitoshi kuifikisha pampu karibu na kasi kamili, mota hukwama njiani, na saa inapotimia huingizwa kwenye delta ikiwa bado katika eneo la mkondo mkubwa. Pia, kati ya nyota na delta kuna sehemu ndogo ya sekunde ambapo mota haina umeme. Rota bado ina sumaku na inazalisha volti zake, ambazo hupishana na zile za njia kadiri rota inavyopungua kasi. Delta ikifungwa wakati volti hizo zimepishana vibaya, huzuka mshtuko wa mkondo ambao kwa muda mfupi sana unaweza kuupita hata ule wa kuwasha moja kwa moja.

3.2 Stata laini

Stata laini hutumia thairista kukata sehemu ya kila wimbi la umeme, ili volti zinazoifikia mota zipande polepole au zizuiwe ziendane na kikomo cha mkondo kilichowekwa. Mota ikishafika kasi kamili, kontakta ya kupitia kando hufungwa na thairista hupumzika. Hakuna mapumziko ya umeme katikati, wala mshtuko wa kubadilishia. Njia hii pia inaweza kuisimamisha pampu taratibu, jambo linalopunguza kishindo cha maji katika mabomba.

Hapa kuna jambo linalosahauliwa mara kwa mara. Volti zikipunguzwa kwa stata laini, mkondo hupungua sawasawa na volti, lakini nguvu ya kuzungusha hupungua kwa mraba wa volti. Volti zikiwa asilimia 58, nguvu inabaki theluthi moja kama katika nyota, lakini mkondo wa njia unabaki asilimia 58, si 33. Kwa maneno mengine, kwa nguvu ileile ya kuzungusha, stata laini huvuta mkondo mkubwa kuliko nyota kwa takribani mara 1.7. Dhana kwamba stata laini daima huvuta mkondo mdogo kuliko nyota-delta haina msingi. Ubora wake uko katika ulaini wa mpito na katika uwezo wa kurekebishwa.

3.3 Kidhibiti mwendo

Kidhibiti mwendo hugeuza umeme wa njia kuwa umeme mnyoofu, kisha huutengeneza upya kwa volti na hezi zinazotakiwa. Mota huanza kwa hezi chache na volti chache, na vyote viwili hupanda pamoja. Kwa kuwa uga wa sumaku unaanza polepole, rota haiachwi nyuma. Inaweza kutoa nguvu yake kamili bila kuvuka mkondo wa kazi, na mkondo wa upande wa njia huwa mdogo zaidi mwanzoni kwa sababu mota bado haifanyi kazi kubwa.

Gharama zake ni za aina nyingine. Kidhibiti hupoteza takribani asilimia 2 hadi 4 ya nguvu kama joto, saa zote mota inapofanya kazi. Kwa mota ya kilowati 132 hizo ni kilowati tatu hadi tano za kuondolewa katika chumba. Pia huchafua umbo la mkondo wa njia kwa mawimbi ya ziada, na hivyo koili za kuzuia mawimbi hayo huhitajika. Tena, waya mrefu kati ya kidhibiti na mota huumiza koili za mota kwa mapigo makali ya volti, na huenda ukahitaji kichujio.

4.0 Mfano wa kukokotoa

Tuchukue shamba la umwagiliaji wa kunyunyizia lililo kando ya mto. Mota ni ya kilowati 132, volti 400, hezi 50, na mkondo wa kazi wa ampea 230. Katalogi yake inaonyesha mkondo wa kuanzia ulio mara saba ya huo, yaani ampea 1,610. Nguvu ya kuanzia iliyo mara 1.8 ya nguvu kamili. Na nguvu ya juu kabisa iliyo mara 2.4. Umeme unatoka katika transfoma ya kilovolti-ampea 315 yenye kizuizi cha asilimia 4.5, ambayo pia inahudumia kinu cha unga na nyumba za jirani. Kikomo kilichoandikwa katika mkataba ni ampea 600. Mabomba ya shamba humwaga maji kila yanaposimama, na vali ya kutolea maji hufungwa na kufunguliwa kwa mkono.

Kwanza tuone kikomo kina maana gani. Mkondo kamili wa transfoma ni:

```
315000 / (1.732 x 400) = 455 A
```

Mkondo wa 455 ukishusha volti kwa asilimia 4.5 hivi, ampea 1,610 zitazishusha kwa karibu asilimia 16, na ampea 600 kwa karibu asilimia 6. Kuwasha moja kwa moja kunaondoka hapo hapo.

*Nyota-delta.* Theluthi ya 1,610 ni ampea 537. Kwenye karatasi, kikomo kimetimizwa. Sasa tufuate mota inavyopanda. Nguvu yake ya juu katika nyota ni theluthi ya 2.4, yaani asilimia 80 ya nguvu kamili. Vali ikiwa wazi na mabomba yakiwa matupu, pampu hudai asilimia 77 inapofika asilimia 88 ya kasi. Mota inaishiwa nguvu karibu na hapo. Haizimi, ila haiendi mbele. Saa inapobadilisha kwenda delta, mota iliyo katika kasi hiyo huvuta karibu mara tano ya mkondo wa kazi, yaani ampea 1,150, na volti hushuka kwa zaidi ya asilimia 11. Kikomo kimevukwa karibu maradufu, sekunde kadhaa baada ya kila mtu kuamini kwamba uwashaji umekwisha.

Vali ikifungwa, hadithi hubadilika. Pampu haidai hata asilimia 50, mota inafika karibu asilimia 98 ya kasi ikiwa katika nyota, na mkondo wa kubadilishia hubaki kuwa mshtuko mfupi tu.

*Stata laini.* Ikiwekewa kikomo cha ampea 600, sehemu ya mkondo ni 600 kwa 1,610, yaani 0.37. Nguvu ya kuanzia ni:

```
0.37 x 0.37 x 1.8 = 0.25
```

Robo ya nguvu kamili inatosha kuing'oa pampu. Lakini vali ikiwa wazi, nguvu ya mota chini ya kikomo hicho inaongezeka polepole kuliko madai ya pampu, na mistari miwili inakutana kati ya asilimia 55 na 60 ya kasi. Mota inakwama hapo ikivuta ampea 600 mfululizo, huku feni yake ikizunguka polepole na koili zikichemka, hadi kinga ya joto au ya muda wa kuwasha iizime. Vali ikifungwa, madai ya pampu yanakuwa nusu, na mota inapanda hadi mwisho bila kuvuka ampea 600.

*Kidhibiti mwendo.* Kinapandisha mota bila kuvuka ampea 230, na volti hazishuki hata kwa asilimia 2.3. Hali ya vali haibadilishi jibu.

Jedwali la 1: Ampea za juu katika mfano (kikomo: 600)

| Njia | Vali imefungwa | Vali wazi |
|---|---|---|
| Nyota-delta | 537, kisha mshtuko mfupi | 537, kisha takribani 1,150 |
| Stata laini | 600 | 600, mota inakwama |
| Kidhibiti mwendo | chini ya 230 | chini ya 230 |

Jedwali linaonyesha kwamba mshindani wa kweli wa kidhibiti mwendo ni vali. Atakayechagua mojawapo ya njia mbili za bei nafuu anauweka mkataba wake na shirika la umeme mkononi mwa mwendeshaji wa zamu ya usiku, ambaye huenda akaikuta vali ngumu, akaiacha wazi. Kama shamba litanunua vali ya mota yenye swichi ya mwisho, ili stata isikubali kuwaka mpaka vali ithibitike kuwa imefungwa, stata laini inatosha na ni chaguo la busara kwa pampu inayofanya kazi kwa kiwango kimoja msimu mzima. Nyota-delta nayo ingeweza kupita, endapo shirika linakubali mshtuko wa kubadilishia na breka haiangushwi nao.

Katika mfano huu, hata hivyo, shamba hufungua vitalu vingi siku moja na vichache siku nyingine, na vali ni ya mkono. Hapo kidhibiti mwendo kinafaa: kinatimiza kikomo bila kumtegemea mtu, na kinapunguza kasi vitalu vikiwa vichache. Akiba ya umeme isitiwe chumvi, kwa sababu vinyunyizio vinahitaji mgandamizo uleule hata vikiwa vichache, kwa hiyo kasi haiwezi kushushwa sana.

Kuna sharti moja la mwisho ambalo wengi hulikumbuka kidhibiti kikishaharibika. Kidhibiti kikifa katikati ya msimu, mota haiwezi kuunganishwa moja kwa moja kama njia ya dharura, maana ampea 1,610 haziruhusiwi. Njia ya akiba iwe stata laini, ikiandamana na maagizo ya kufunga vali. Tena, hakuna hata moja kati ya njia tatu inayozuia kishindo cha maji umeme unapokatika ghafla. Hilo ni jukumu la vali ya kuzuia maji kurudi na vifaa vya mabomba.

5.0 Dalili za uchaguzi mbaya

Makosa haya hujieleza yenyewe kwa anayejua pa kutazama. Katika nyota-delta, mshale wa mita ya ampea unapaswa kushuka waziwazi kabla ya saa kubadilisha. Ukibaki juu bila kushuka, mota imekwama, na kuongeza sekunde za saa hakutasaidia, kwa kuwa inakosa nguvu. Mshale ukiwa bado unashuka wakati wa kubadilisha, basi saa imewahi na sekunde ziongezwe. Breka ikianguka katika nukta ya kubadilisha, na si mwanzoni, kosa liko katika mpito. Tabia ya kuipandisha breka mpaka isianguke huficha dalili na kuondoa kinga.

Katika stata laini, dalili ni uwashaji unaofaulu asubuhi na kushindwa jioni bila kitu kuguswa. Mara nyingi kilichobadilika ni vali, au mabomba yaliyokuwa na maji sasa ni matupu. Kupandisha kikomo cha mkondo ili mota ipite ni kuvunja mkataba kimyakimya.

Kipimo cha kukubali kazi kifanywe kwa chombo kinachorekodi mkondo na volti katika uwashaji mzima, tangu swichi kufungwa hadi mota kutulia. Kifanywe vali ikiwa imefungwa, na pia katika hali mbaya kuliko zote ambayo mwendeshaji anaweza kuifikia. Tarakimu moja iliyosomwa mwanzoni haithibitishi chochote kuhusu kilichofuata.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba katika mfano uleule, mota ileile na kikomo kilekile, stata ya nyota-delta inaweza kupita au kushindwa kwa sababu ya vali, na kwamba stata laini haina mkondo mdogo kuliko nyota kwa nguvu ileile ya kuzungusha. Mwenye kuchagua aanze kwa kupata kutoka kwa watengenezaji mistari ya nguvu ya mota na ya pampu, aone inakutana wapi chini ya volti zilizopunguzwa, kisha asome mkondo wa mota katika kasi hiyo. Kwa upande wa lugha, inapendekezwa kwamba miongozo ya Kiswahili ya mafundi itenganishe mkondo wa kuanzia, wa kupandia na wa kubadilishia, na kwamba mikataba ya umeme itaje wazi ni upi kati ya hiyo mitatu unaowekewa kikomo na kwa muda gani.